Hasi tisini na saba, si kutoa tisini na saba

"Mwalimu, naishi Kiamunyi hapa Nakuru, nyumba ya mabati. Nimefungua ile menyu iliyofichwa ya simu nijue netiwaki inashika wapi vizuri. Sebuleni inaandika -109 dBm, jikoni dirishani -97 dBm. Nazisomaje kwa Kiswahili, na ipi ndiyo kubwa?"

Ya jikoni isome "desibeli-miliwati hasi tisini na saba". Kwa Kiswahili kipimo hutangulia namba: kilo mbili, shilingi hamsini. Kile kistari nacho ni "hasi". "Kutoa" ni tendo la kupunguza namba moja kutoka nyingine, na hapa hakuna kinachopunguzwa. Kistari kinasema tu kwamba namba iko chini ya sufuri. Sufuri yenyewe ni miliwati 1 kamili, na mawimbi yanayoifikia simu yako jikoni ni hafifu kuliko hiyo mara bilioni kadhaa.

Kihesabu, hasi 97 ndiyo kubwa kwa sababu iko karibu zaidi na sufuri. Hata hivyo, nakusihi usiseme "kubwa" unapomwelekeza mtu. Mwambie mwanao aweke simu "penye namba kubwa", naye ataipeleka sebuleni kwenye 109. Sema "jikoni mawimbi yana nguvu zaidi", au "yamepanda kutoka hasi 109 hadi hasi 97". Neno nguvu halina utata.

Ukitaja tofauti ya sehemu hizo mbili, miliwati inaondoka: ni desibeli 12, basi. Desibeli-miliwati hulinganisha mawimbi na ile miliwati 1. Desibeli tupu hulinganisha mawimbi kwa mawimbi. Kila desibeli 3 ni karibu maradufu, kwa hiyo 12 ni maradufu mara nne: mbili, nne, nane, kumi na sita. Dirishani unapata nguvu takriban mara 16 ya sebuleni, na sishangai, kwa maana bati hurudisha mawimbi nyuma na kioo kitupu huyapitisha.

Kwenye simu nyingi za Android menyu hiyo hufunguka kwa kubonyeza:

```
*#*#4636#*#*
```

Kabla ya kulinganisha, tazama pia aina ya mtandao iliyoandikwa hapo. Kwangu niliwahi kufurahia hasi 85 chumbani, kumbe simu ilikuwa imeteremka kutoka LTE hadi UMTS, yaani kutoka 4G hadi 3G. Namba ya 3G kwa kawaida hujumlisha nguvu yote iliyo ndani ya mkondo mzima, ilhali ya 4G hupima kipande chembamba tu cha mawimbi ya mnara. Hasi 85 ya 3G haiwezi kusemwa kuwa "imeishinda" hasi 97 ya 4G. Linganisha LTE kwa LTE, simu ikiwa imelazwa mezani, wala si mkononi, na uisubiri namba itulie kidogo kabla ya kuiandika.