Ukurasa mmoja kuhusu moyo: kutoka picha ya simu hadi muhtasari wa kujisomea

Mpwa wangu anasoma shule ya msingi, na darasani kwao kitabu kimoja cha Sayansi hutumiwa na wanafunzi watatu. Kwa kuwa hawezi kuondoka nacho kila siku, amezoea kupiga picha ya ukurasa unaofundishwa kwa simu ya mama yake, kisha jioni huandika muhtasari kutoka kwenye picha hiyo. Siku moja alinijia na karatasi ya jaribio aliyokosa swali ambalo aliamini kabisa kuwa alilijua. Swali lilitaka ataje mshipa unaopeleka damu mapafuni na aeleze damu hiyo ikoje. Alikuwa amejibu kwamba ni ateri na kwamba damu yake ina oksijeni nyingi, kwa sababu daftari lake lilisema, kwa mwandiko mzuri kabisa, "Ateri hubeba damu yenye oksijeni nyingi."

Nilimwomba picha aliyoitumia. Ukurasa ulikuwa wa kushoto, na alikuwa ameupiga kitabu kikiwa kimefunguliwa nusu, kwa hiyo mwisho wa kila mstari ulizama kwenye mkunjo wa katikati. Mstari mmoja ulisema kwamba ateri zote hubeba damu yenye oksijeni nyingi, na baada ya mkato kulionekana herufi nne tu, "isip", kisha kivuli. Neno lililopotea lilikuwa "isipokuwa". Mstari uliofuata, ulioanza na "ateri ya mapafu", yeye aliuona kama jambo jingine na hakuuandika, kwani aliona ateri amekwisha kuieleza. Tangu jioni ile tumekuwa tukiandaa mihutasari yake pamoja, na hapa nitaeleza tunavyofanya kwa kutumia ukurasa huohuo.

Picha ndiyo hatua ambayo watu wengi huiharakisha. Kitabu kifunguliwe kikamilifu juu ya meza, na ukurasa wa pili ukandamizwe kwa rula ndefu ili mkunjo wa katikati ulale. Mwanga wa dirishani unaotoka ubavuni unafaa kuliko taa iliyo juu ya kichwa, ambayo hukifanya kivuli cha simu kiangukie maandishi. Mwako wa kamera uzimwe, kwa sababu karatasi zinazong'aa huurudisha na kuacha doa jeupe katikati ya aya. Simu ishikwe sambamba na ukurasa, na pande nne za karatasi zilingane na pande za kioo. Kila picha ichukue ukurasa mmoja tu, ikiwa ni pamoja na namba ya ukurasa na maelezo yaliyo chini ya mchoro.

Kabla ya kukirudisha kitabu, picha ikuzwe na isomwe papo hapo. Hakuna haja ya kusoma kila neno. Inatosha kushuka ukingo wa kulia na kuhakikisha kwamba herufi ya mwisho ya kila mstari inaonekana, kushuka ukingo wa kushoto vivyo hivyo, kisha kusoma maandishi madogo kuliko yote, ambayo kwa kawaida ni majina ya sehemu za mchoro. Yakisomeka hayo, mengine yote yatasomeka. Kazi hii haimalizi dakika moja, na ndiyo ambayo ingeliokoa lile neno "isipokuwa".

Baadhi ya simu zinaweza kunakili maandishi kutoka kwenye picha, na mpwa wangu alipendekeza tufanye hivyo. Tulijaribu, nikaona kasoro mbili ambazo mtoto hawezi kuzitambua kwa urahisi: kisanduku cha maelezo ya ziada kilichokuwa pembeni kiliingizwa katikati ya sentensi ya aya, na majina ya sehemu za moyo kwenye mchoro yalitoka yamefuatana kama orodha isiyo na maana. Kwa ukurasa mmoja, naona ni afadhali kuandika kwa mkono huku picha ikiwa mbele, kwa sababu mkono unaochoka huchagua cha kuandika.

Hata hivyo, hatuanzi kuandika mara moja. Kwanza tunasoma ukurasa wote na kujiuliza kila aya inajibu swali gani. Kichwa cha ukurasa wetu kilikuwa "Moyo", lakini aya zake zilijibu maswali matatu tofauti: moyo umeundwaje, damu hupita njia gani, na mishipa ya damu inatofautianaje. Kwa hiyo muhtasari ulihitaji vichwa vitatu, ijapokuwa kitabu kilikuwa na kimoja. Kichwa kizuri ni kile ambacho ukikisoma peke yake unajua unadaiwa jibu gani. "Mishipa ya damu" hakidai kitu. "Mishipa ya damu: aina tatu na kazi ya kila moja" kinakudai mambo matatu, na ukikumbuka mawili unajua kwamba bado moja.

Baada ya vichwa ndipo yanafuata maneno ya msingi. Wanafunzi wengi huchukua maneno yaliyokolezwa wino tu, lakini vitabu vyetu hufafanua istilahi nyingi bila kuzikoleza. Dalili ya kutafuta ni maneno kama "huitwa", "hujulikana kama", "yaani", au "ni" inayofuatwa na maana. Karibu na kila dalili ya namna hiyo pana istilahi. Kwenye ukurasa wetu, kwa mfano, vali haikukolezwa popote; ilifafanuliwa ndani ya sentensi ndefu kuwa ni vifuniko vinavyoruhusu damu kupita upande mmoja tu.

Kuandika maana ya neno la msingi ndiko kunakohitaji uangalifu mkubwa kuliko yote, na hapa ndipo nilipogundua kwamba kosa la mpwa wangu halikutokana na picha peke yake. Yeye aliitambua ateri kwa aina ya damu iliyomo, ilhali ateri ni ateri kwa sababu ya mwelekeo wa damu: hutoa damu moyoni. Vena hurudisha damu moyoni. Sifa hiyo haina kighairi, na kwa hiyo ndiyo inayostahili kuwa maana. Wingi wa oksijeni ni jambo la pili, lenye kighairi chake, na linafaa kukaa kwenye nukta yake lenyewe. Tunapoandika maana ya neno, tunajiuliza: je, sentensi hii ni kweli kwa kila ateri? Ikiwa jibu ni hapana, hiyo si maana, ni maelezo.

Sehemu ya mishipa, ambayo kitabuni ilichukua aya mbili ndefu, ilibaki hivi kwenye daftari:

Mishipa ya damu: aina tatu na kazi ya kila moja

- Ateri: hutoa damu moyoni. Kuta zake ni nene, kwa kuwa damu hupita kwa shinikizo kubwa.
- Vena: hurudisha damu moyoni. Kuta zake ni nyembamba kuliko za ateri; nyingi zina vali zinazozuia damu kurudi nyuma.
- Kapilari: huunganisha ateri ndogo na vena ndogo. Kuta zake ni nyembamba sana, hivyo oksijeni na virutubisho hupita kwenda kwenye seli, na takamwili huingia kwenye damu.
- Oksijeni: ateri hubeba damu yenye oksijeni nyingi, ISIPOKUWA ateri ya mapafu. Vena hubeba damu yenye oksijeni kidogo, ISIPOKUWA vena za mapafu.

Kila nukta ya aina ya mshipa inaanza na neno, inafuatwa na kazi, kisha umbile pamoja na sababu yake. Mpangilio ukifanana namna hiyo, mwanafunzi analinganisha kwa jicho bila kutafuta. Sababu tunaziacha zibaki hata pale tunapotaka kufupisha, kwa kuwa "kuta nene" bila "kwa kuwa" ni jambo la kukariri, na kesho linahamia kwenye vena. Tunachokata ni mifano ya ziada, marudio, na sentensi za kuunganisha aya kama vile "kama tulivyoona hapo awali". Tusichokata kamwe ni maneno madogo yanayobadilisha ukweli wa sentensi: isipokuwa, tu, hasa, nyingi, kabla ya, baada ya. Hayo tunayazungushia duara kwenye rasimu, na "isipokuwa" tunaliandika kwa herufi kubwa.

Njia ya damu haikuingia kwenye nukta. Nukta zinafaa kwa mambo yasiyo na mfuatano. Ukibadilisha nafasi ya ateri na vena katika orodha ya hapo juu, hakuna kinachoharibika. Safari ya damu ukiichanganya imeharibika, kwa hiyo tuliipa namba:

1. Vena kuu huleta damu kutoka mwilini hadi auriko ya kulia.
2. Damu hupita kwenye vali na kuingia ventriko ya kulia.
3. Ateri ya mapafu huipeleka mapafuni, ambako hutoa kabonidayoksaidi na kuchukua oksijeni.
4. Vena za mapafu huirudisha kwenye auriko ya kushoto.
5. Damu hupita kwenye vali na kuingia ventriko ya kushoto.
6. Aota huipeleka mwilini.

Hatua ya 3 na ya 4 zinaeleza zenyewe kwa nini kuna "isipokuwa": ateri ya mapafu inatoka moyoni ikiwa na damu ambayo bado haijapata oksijeni. Mpwa wangu alipofika hapo aliirudia ile nukta ya oksijeni na kuandika pembeni yake, "tazama namba 3".

Kuhusu mchoro, tuliuchora upya kwa ukubwa wa nusu ukurasa, tukaandika majina ya vyumba vinne na mishipa minne mikuu tu. Mchoro huonesha moyo wa mtu anayekutazama, kwa hiyo upande wa kushoto wa moyo unakuwa kulia kwa karatasi. Tuliandika "KULIA" na "KUSHOTO" juu ya mchoro kabla ya kuchora chumba chochote, kwa sababu mara ya kwanza alivigeuza vyumba vyote vinne.

Muhtasari ulipokamilika tulirudi kwenye picha kwa mara ya mwisho, safari hii tukianzia kwenye daftari. Yeye alisoma nukta moja kwa sauti, nami nikatafuta sentensi iliyoizaa. Nukta ambayo haikuwa na sentensi yake pichani ilifutwa, na moja kweli ilifutwa, kwani alikuwa ameikumbuka kutoka mahali pengine. Kisha tuliandika namba ya ukurasa kando ya kila kichwa na kuihifadhi picha kwa jina la somo na namba hiyohiyo. Siku chache baadaye aliniuliza kwa nini ukuta wa ventriko ya kushoto umechorwa mnene kuliko wa kulia, jambo ambalo muhtasari wetu haukulitaja. Tuliifungua picha, na jibu lilikuwa kwenye maelezo madogo chini ya mchoro: ventriko ya kushoto husukuma damu mwili mzima, ya kulia huisukuma mapafuni tu. Akaiongeza kuwa nukta mpya chini ya kichwa cha kwanza, na neno "tu" akalizungushia duara.