Chakula cha mchana hupangwa saa nne asubuhi

Ukihamishiwa ofisi mpya utaelekezwa mengi: mfumo wa mahesabu, funguo za kabati, fomu ya likizo. Hakuna atakayekuelekeza wenzako wanakula wapi na nani. Mimi nilihamishwa kutoka tawi la Dodoma nikaja Dar es Salaam, idara ya uhasibu, kwenye jengo moja la maeneo ya Posta. Wiki za mwanzo, ikikaribia saa saba, watu walikuwa wanainuka mmoja mmoja, vicheko vinaishilia kwenye korido, mimi nabaki na kompyuta yangu. Hakuna aliyenikosea adabu, na asubuhi wote walinisalimia vizuri. Hilo ndilo lililofanya iwe vigumu hata kumsimulia mume wangu. Mtu mzima, mama wa watoto, unaanzaje kulalamika kwamba hukuitwa kula wali maharage?

Aibu hiyo naomba uiweke kando kwanza, maana maumivu haya yamechunguzwa. Mwanasaikolojia Kipling Williams alikuwa bustanini siku moja na mbwa wake, kisahani cha kuchezea kikamwangukia. Akakirudisha kwa vijana wawili waliokuwa wanarushiana, nao wakamrushia tena, wakacheza naye kidogo, kisha bila neno wakaendelea wawili peke yao. Alishangaa jinsi alivyoumia kwa watu asiowajua kabisa. Baadaye akatengeneza mchezo wa kompyuta ambamo unarushiana mpira na wachezaji wawili usiowaona, na baada ya muda mfupi hawakupi tena. Katika utafiti uliochapishwa 2004, baadhi ya washiriki waliambiwa wazi kwamba wachezaji wale ni kompyuta tu, na bado walijisikia wametengwa na thamani yao imeshuka. Mwaka 2007 likatoka jaribio jingine: washiriki waliambiwa wanaowanyima mpira ni wafuasi wa Ku Klux Klan, kundi la wabaguzi wanaochukiwa, na hata hapo waliumia.

Kwa hiyo maumivu huja kabla akili haijapima nani amekutenga na kwa nini. Yanakwambia kwamba umeachwa nje, basi. Kwamba wanakuchukia, hilo hayawezi kukwambia, ingawa ukiwa peke yako saa saba na nusu utaapa kwamba yanakwambia.

Kilichonisaidia mimi ni kuacha kuchunguza nyuso za watu nikachunguza chakula chenyewe kinafikaje mezani. Pale kwetu ilikuwa hivi. Mama ntilie ana kibanda nyuma ya jengo, na akitegemea wateja wa kupita tu, nyama humwishia mapema. Kwa hiyo dada wa mapokezi hukusanya oda wakati wa chai ya saa nne: nani wali nyama, nani ugali dagaa, nani anataka mboga ya ziada. Saa nne na nusu orodha inatumwa kwa mama kwa WhatsApp. Saa saba sahani zimeshapakuliwa, idadi ile ile ya waliotajwa, na benchi limehesabiwa kwa idadi hiyo. Malipo yanafanywa Ijumaa kwa simu, kila mtu anamtumia dada wa mapokezi, yeye anamlipa mama kwa pamoja.

Sasa fikiria wewe ambaye saa nne unakunywa chai mezani kwako kwa sababu ni mgeni na unataka uonekane mchapakazi. Saa saba wenzako hawawezi kukwambia "twende", kwa sababu huna sahani. Wengine wanaona hata vibaya kukualika mahali ambapo utakaa uwatazame wanakula. Na kwa kuwa jana hukuwapo, leo wanadhani unafunga, au unakuja na chakula cha nyumbani, au una mambo yako. Baada ya mwezi dhana hiyo inakuwa ukweli wa ofisi.

Ndiyo maana kusubiri mlangoni saa saba hakusaidii. Nenda saa nne, kwa yule anayeshika orodha, na uombe jambo dogo lenye jibu: "Dada, na mimi niandikie wali samaki leo, hela nakutumia sasa hivi." Usiseme "siku moja mnikaribishe", kwa sababu ombi hilo halina siku, na kila mtu ataitikia kwa moyo mweupe kisha asifanye kitu. Ile ya kulipa hapo hapo siku ya kwanza nayo ina maana yake. Anayekusanya oda huwa anabeba madeni ya watu hadi Ijumaa, na mgeni asiyejulikana ni mzigo mwingine kwake.

Na hela tuiseme, maana wengi hujitenga kwa sababu yake halafu wakadhani wametengwa. Sahani ya shilingi 3,000, siku 22 za kazi, ni 66,000 kwa mwezi. Kwa mwenye ada za shule si mchezo. Mimi niliagiza Jumatatu na Alhamisi, siku nyingine nikabeba kontena langu la nyumbani na kukaa nalo benchi lile lile. Mwanzoni niliogopa kuonekana bahili. Kumbe nusu ya waliokuwa pale walikuwa wanatafuta mtu wa kwanza kufanya hivyo, na mama ntilie hakujali mradi nilinunua soda.

Ukishakaa, usiulize habari za kazi siku za mwanzo. Sikiliza nani ana utani na nani, uliza kuhusu chakula, ondoka na wenzako, si kabla yao. Soga nyingi hufanyika wakati wa kurudi, kwenye ngazi.

Kuna ofisi ambazo hayo yote hayatafanya kazi, kwa kuwa umetengwa kwa makusudi. Dalili zake ni tofauti. Unaomba kuandikwa, unaambiwa orodha imeshatumwa. Kesho unawahi, unaambiwa vile vile. Unakaa benchi, mazungumzo yanahamia kwenye kilugha usichokijua na yanabaki huko. Dalili ninayoichukulia kwa uzito kuliko zote ni pale mambo ya kazi yanapoanza kuamuliwa kwenye chakula bila kukufikia: tarehe ya kufunga hesabu imesogezwa, faili limepewa mtu mwingine, na wewe unajua mwisho.

Ikifika hapo, yatenganishe mambo mawili. La kazi lipeleke kwa maandishi kwa mkuu wako, kavu kabisa, bila kutaja chakula: "Naomba mabadiliko ya ratiba ya kufunga hesabu yatumwe kwa barua pepe kwa idara nzima." Ukitaja chakula utaonekana mtoto, na hoja yako ya kazi itazama humo. La upweke halina dawa kwa mkuu. Bosi akiwalazimisha wakuite, watakuita, na utakula katikati ya watu walionyamaza.

Upweke huo utafutie benchi jingine. Kwenye jengo letu madereva na walinzi wana lao, karibu na lango la maegesho, chai yao huanza mapema kuliko yetu. Kuna mwenzangu wa idara nyingine aliyeshindwana na kundi lake akahamia huko, na hakurudi tena hata alipokuja kuitwa. Kwanza, anasema, kule supu ni nzito. Pili, madereva ndio wanaojua mkurugenzi anasafiri lini, kwa hiyo sasa sisi wa ghorofani ndio tunaomfuata yeye kuuliza.