Mshahara unaolindwa baada ya kushushwa cheo

"Nimeshushwa cheo, barua inasema mshahara utalindwa kisha upungue robo kila mwezi. Robo ya nini?"

Robo ya pengo, ndugu yangu, si ya mshahara mzima. Tuseme ulikuwa unapata 1,000 na ngazi mpya ni 760. Pengo ni 240, robo yake 60. Utapokea 940, 880, 820, halafu 760, hapo inakoma. Mhasibu wetu aliwahi kunikata robo ya mshahara mzima; kwa mfano huu ni kama kuambulia 750, chini ya ngazi yenyewe! Nilirudishiwa baada ya kumwonyesha barua. Mwezi wowote ukipata chini ya 760 kabla ya makato ya kawaida, hesabu imekosewa.

Wapo watakaokuambia mshahara haushuki kabisa; hao wanazungumzia utaratibu mwingine, ule wa kuugandisha hadi ngazi mpya iufikie. Barua yako siyo hiyo.

Tazama pia hati ya mshahara. Pengo likiandikwa kama posho ya pembeni, pensheni na malipo ya saa za ziada huenda yakapigiwa hesabu kwa 760 tangu mwezi wa kwanza. Barua inasemaje hapo?