Dole Gumba Moja na Kilo 18 za Mchele

Wiki iliyopita dada mmoja fundi cherehani alinitumia picha ya skrini ya simu yake. Alikuwa amemwandikia mteja: "Sketi na blauzi ni 70,000, naomba advansi leo ili nianze kukata." Jibu lilikuwa 🙏 peke yake, bila neno hata moja. Aliniuliza kama mteja amekubali. Nilicheka kidogo, kisha nikanyamaza, kwa sababu mimi nilikwishalipia somo hilo.

Ninapika kwenye shughuli. Mama mmoja aliyekuwa mteja wangu kwa miezi kadhaa aliniomba bei ya chakula cha arobaini ya marehemu baba yake, wageni 120. Jumatano jioni nilimtumia ujumbe mmoja mrefu uliokuwa na bei ya pilau, bei ya biriani, ombi la nusu ya malipo, na mwishoni sentensi hii: "Naomba unithibitishie kabla ya kesho." Saa tatu usiku likaingia 👍, moja tu, na WhatsApp huikuza emoji iliyotumwa peke yake, hivyo lilijaa machoni pangu kama mhuri. Alhamisi nilinunua mchele kilo 18, nikatoa oda ya nyama, nikawaita wasaidizi wawili. Ijumaa nilipopiga simu kuulizia nusu ya malipo, aliniambia kwa upole kabisa kwamba familia imempata mpishi mwingine, na kwamba lile dole lilimaanisha ameuona ujumbe wangu.

Nilimkasirikia sana, na sitaficha kwamba bado nikimwona sokoni moyo hunidunda. Hata hivyo, usiku ule nilifanya jambo ambalo ningepaswa kulifanya Jumatano: nilirudi nyuma katika mazungumzo yetu yote. Nilipomwelekeza dukani kwangu, alijibu kwa dole. Nilipomtumia pole ya msiba, alijibu kwa dole, jambo ambalo lingetosha kunifungua macho. Lakini kila mara alipokubali kulipa, aliandika maneno: "Sawa dada, natuma sasa hivi." Kwake dole lilikuwa risiti ya kupokea ujumbe, na ridhaa ilikuwa na maneno yake. Ushahidi wote ulikuwa mkononi mwangu.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, usiikodolee macho emoji. Soma kwanza mazoea ya aliyeituma. Nchini Kanada mwaka 2021 mnunuzi wa nafaka alimtumia mkulima picha ya mkataba wa mbegu za kitani akimwomba authibitishe, na mkulima akajibu 👍. Mzigo haukufika, bei ilikuwa imepanda, na mkulima akajitetea kwamba dole lilimaanisha tu ameupokea mkataba, utetezi uleule wa mteja wangu. Mwaka 2023 mahakama ya jimbo la Saskatchewan ilimwamuru alipe zaidi ya dola 82,000 za Kanada, na mwaka 2024 rufaa yake ikashindwa. Kilichombana ni historia yao: mikataba ya awali alikuwa ameijibu kwa neno moja au mawili ya aina ya "sawa", kisha akapeleka mzigo bila ubishi. Dole lilelile liliangukia mahali ambapo neno la kukubali lilikuwa limezoeleka kukaa. Mimi ningeshindwa kesi hiyo, kwa kuwa historia yangu na yule mama ilisema kinyume.

Jambo la pili ni kosa langu mwenyewe, ingawa ilinichukua muda kulikiri. Ujumbe wangu ulikuwa na mambo manne. Hata kama angekubali, angekuwa amekubali pilau au biriani? Mimi nilinunua mchele wa pilau kwa sababu ndiyo niliyoitaka. Siku hizi natuma bei kwanza, kisha katika ujumbe wa peke yake nauliza: "Pilau au biriani?" Swali hilo halijibiki kwa dole, na mtu akijaribu kulijibu hivyo, najua hajalisoma. Mchele siununui mpaka nusu ya malipo iingie.

Kuhusu 🙏 ya yule fundi, nilimweleza kwamba kwetu mikono hiyo hubeba asante, tafadhali, samahani na amina, na kwamba inapofuata ombi la pesa, mara nyingi ni tafadhali au samahani. Nilimshauri asiguse mkasi, amwandikie mteja: "Advansi utaituma leo au Ijumaa?" Baada ya saa moja mteja alimtumia ujumbe wa sauti, akiomba apunguziwe hadi 55,000.