Kwenda Arusha ukiwa Mkenya

"Kesi ya shamba letu Molo imekwama kortini. Naweza kuishtaki serikali Arusha mwenyewe?"

Hapana, ndugu, si katika Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliyoko Arusha. Ni kweli Kenya iliridhia itifaki iliyoianzisha mahakama hiyo, lakini hiyo ni nusu tu: haijatoa tamko la ibara ya 34(6) la kukubali kushtakiwa huko na watu binafsi, na bila hilo mtu binafsi hapokelewi. Waogiek wa Mau, majirani zako, walilalamika kwa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Banjul, Gambia, mwaka 2009. Tume ndiyo iliyofungua kesi Arusha 2012, ikashinda 2017. Kwako Tume itauliza kwanza kama umemaliza ngazi za mahakama za hapa. Kesi ikivutwa kupita kiasi sharti hilo huweza kuondolewa, kwa hiyo tunza rekodi ya kila tarehe iliyoahirishwa. Ila hata wakikupokea Banjul, hawalazimiki kukufikisha Arusha.