Madoa kwenye anubia: mwani au njaa?

"Wakuu, majani ya mmea wangu wa anubia kwenye tanki la samaki yana madoa ya kahawia, picha hizo hapo. Niongeze mbolea?"

Mkuu usiongeze kwanza, maana picha peke yake inadanganya. Ingiza mkono kwenye tanki usugue jani taratibu na kidole gumba, ule ukahawia ukitoka kama vumbi na chini yake jani ni kijani safi basi huo ni mwani tu. Ila picha ya pili nimeikuza nikaona vitundu vidogo vyenye ukingo wa njano kwenye majani ya zamani, hivyo havifutiki, hapo nahisi potasiamu imepungua. Ukiiweka fuata kipimo cha kwenye chupa, halafu angalia majani mapya tu, lililotoboka halizibiki tena, na anubia inakua polepole kwahiyo subiri wiki kadhaa.