Meza moja, mvi mbili

*Shangazi, pokea salamu zangu kutoka Kisumu. Nina miaka 47, na nimefanya kazi ya mapokezi katika hoteli moja kwa miaka 14. Mwezi uliopita meneja aliniita akaniambia nipake nywele rangi nyeusi, la sivyo nitahamishiwa stoo, kwa sababu wageni wanapenda kupokewa na sura changa. Mwenzangu wa kiume pale mezani ana miaka 52 na kichwa chake ni cheupe kuliko changu, lakini meneja huyohuyo humwita "mzee wetu" mbele ya wageni. Nimepaka rangi mara mbili. Mara ya pili masikio yaliniwasha na kope zikavimba kwa siku mbili. Je, nipake tena au niende stoo?*
*Mama wa Mapokezi*

Mwanangu, nitaanza na hizo kope, maana hazingoji. Rangi nyingi nyeusi za nywele, ziwe za unga au za maji, hupata weusi wake kutokana na kemikali ambayo kwenye pakiti huandikwa PPD au p-Phenylenediamine. Mara ya kwanza mwili waweza kuipokea bila kelele, huku kinga yake ikijifunza kuitambua kama adui, na mara ya pili ndipo adui huyo anaposhambuliwa: ngozi huwasha kwenye ukingo wa nywele na nyuma ya masikio, na kope, kwa kuwa ngozi yake ni nyembamba, huvimba hata kama rangi haikuzigusa. Mzio wa namna hii kwa kawaida haupoi ukaisha, na kila unapoipaka tena unaweza kuja kwa nguvu zaidi. Kwa hiyo usipake tena, wala usijijaribu nyumbani kwa tone la nyuma ya sikio, kwa sababu jaribio hilo la saa 48 ni la mtu ambaye bado hajadhurika. Wewe umeshapata jibu lako. Nenda kwa daktari wa ngozi ukiwa na pakiti yenyewe mkononi.

Msusi atakwambia kwamba yapo makopo yasiyo na amonia. Ni kweli yapo, lakini amonia na PPD ni vitu viwili tofauti, na kopo linaweza kukosa cha kwanza likawa limejaa cha pili. Piko nayo iepuke, na hali kadhalika ile hina iitwayo nyeusi, kwa sababu hina halisi haitoi weusi: kwenye mvi hutoa rangi ya chungwa, nawe utakuwa umemtii meneja kwa namna ambayo hakuitarajia.

Sasa tuje kwenye meza yenu. Mimi nilipaka rangi kwa miaka 11 nikiwa karani hapa Nakuru, nami najua hesabu yake kwa vidole. Nywele hukua takriban sentimita 1 kwa mwezi. Wiki ya tatu haijaisha kabla hujaona kwenye kioo mstari mweupe pale nywele zinapogawanyika, mwembamba kama uzi, na hapo ndipo watu husema kwamba fulani amechakaa. Mwanamume wa umri wako huingia kwa kinyozi kila wiki mbili, nywele zake ni fupi, nyeupe na nyeusi zimechanganyika sawasawa tangu kwenye ngozi, basi hakuna mstari wa kuonekana. Kichwa chake husomwa kama kilichopevuka, chako husomwa kama kilichoachwa. Mvi ni zilezile; kilichowatenganisha ni mkasi, na kwako wewe ni hiyo rangi yenyewe, kwa sababu ndiyo inayochora mstari.

Lakini nisimtetee meneja kwa hoja ya mkasi, kwa kuwa hakukuambia unyoe. Alichokuwa nacho kichwani kinasikika katika maneno yetu ya kila siku. Mwite mwanamume wa miaka 50 "mzee" naye atavuta kiti akae vizuri. Mwite mwanamke wa umri huo "shosho" mbele ya wageni, kisha utafute pa kujificha. Kwa mwanamume miaka huhesabiwa kama akiba, na hata kitambi husamehewa kwa kudhaniwa kuwa ni ishara ya mfuko mzuri. Kwako miaka hiyohiyo huhesabiwa kama bidhaa inayokaribia tarehe yake ya mwisho. (Wanaume wanaopaka rangi wapo, na baadhi yao tunawaona kwenye majukwaa ya siasa wakiwa na nywele nyeusi kuliko za wajukuu wao, lakini sijasikia kwamba kuna aliyetishiwa stoo.)

Swali lako lina milango miwili tu, nami sipendi wowote kati ya hiyo. Upo wa tatu. Kifungu cha 5 cha Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 kinamkataza mwajiri kumbagua mfanyakazi kwa misingi kadhaa, na jinsia ni mmojawapo. Umri hautajwi katika orodha ya kifungu hicho, ingawa Kifungu cha 27 cha Katiba ya 2010 kinautaja pamoja na jinsia. Ndiyo maana nakusihi usiende kulalamika kwamba wanakuonea kwa sababu umezeeka. Nguvu ya malalamiko yako iko kwa mwenzako wa miaka 52: kazi ni moja, meza ni moja, mvi zake ni nyingi zaidi, na sharti limewekwa kwa mwanamke peke yake. Mwajiri ana haki ya kudai unadhifu, yaani nywele zilizochanwa na sare iliyopigwa pasi, mradi adai hivyo kwa wote wawili. Na sheria hiyo inamtwika mwajiri mzigo wa kuthibitisha kwamba hakubagua.

Leo jioni, kabla hujasahau, andika kwenye daftari tarehe ya mazungumzo yale, maneno ya meneja jinsi alivyoyatamka, na nani alikuwa karibu. Kisha mwandikie barua fupi isiyo na hasira, ubaki na nakala. Ningeandika hivi: "Tarehe fulani uliniagiza nipake nywele rangi nyeusi au nihamishwe. Rangi hiyo imenidhuru, na cheti cha daktari nimekiambatisha. Naomba unieleze kwa maandishi iwapo sharti hili linawahusu wafanyakazi wote wa mapokezi, na liko wapi katika mkataba wangu." Usiongeze neno juu ya mwenzako. Swali la "wote" litamtaja lenyewe, nawe hutakuwa umemfanya adui mtu unayeketi naye kila siku.

Mameneja wengi hunyamaza wakipata barua ya aina hiyo, maana jambo lililosemwa mlangoni ni gumu kuliandika. Akinyamaza na usihamishwe, endelea na kazi. Akikuletea karatasi ya uhamisho utie sahihi, andika juu yake "nimepokea, sijakubali", kisha uipeleke kwa mwakilishi wa KUDHEIHA, chama cha wafanyakazi wa hoteli, ikiwa wewe ni mwanachama, au kwa afisa wa kazi wa kaunti. Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi inasikiza kesi hapo hapo Kisumu, kwa hiyo hutahitaji nauli ya Nairobi, ingawa ningependa mambo yaishie kwenye barua, kwa sababu kesi hula miaka.

Kuhusu mstari mweupe, ukitaka kuuondoa bila kemikali, nywele zako zilizopakwa zitahitaji miezi mitatu hivi kabla ya kubaki na sentimita 3 za rangi yako halisi, na hapo msusi atakata kilichosalia. Mimi sikungoja. Nilikwenda kwa kinyozi wa mume wangu siku ya Jumamosi, nikakaa kwenye kiti baada yake, na kinyozi akauliza kama nimepotea.